Kiporo cha wali: moto mkali hautoi sumu

Nani asiyekijua kiporo? Wali uliobaki jana usiku, asubuhi unapashwa moto, unashushiwa na chai ya rangi, mambo safi. Siku hizi vijana wengi, hasa nyie mliopanga vyumba na mlioko hosteli, mmekipandisha cheo. Kiporo kinatiwa kwenye karai na mayai, kitunguu na karoti, kinakuwa wali wa kukaanga kama ule wa hoteli za Kichina.

Ukimwuliza anayejua kuupika atakuambia mambo mawili: tumia wali wa jana uliopoa, na moto uwe mkali. Yote mawili ni kweli. Lakini kuna swali ambalo watu hawaulizi: huo wali wa jana umelala wapi? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama utashiba au utakesha ukitapika.

KWA NINI WALI WA JANA?

Punje ya mchele imejaa wanga. Ukiuchemsha, wanga unanyonya maji, unavimba na kulainika. Ndiyo maana wali wa moto ni laini na unanata kidogo. Ukiutia wali huo kwenye karai papo hapo, mvuke unatoka, punje zinavunjika na kushikana, na badala ya wali wa kukaanga unapata kitu kama uji mzito wenye mafuta.

Wali ukipoa, wanga ule unajikaza tena. Punje inakuwa ngumu kidogo na uso wake unakauka. Sasa ukiigeuza kwenye karai haivunjiki, inazunguka peke yake, na mafuta yanaipaka kila upande.

Tazama vizuri hapo. Kinachotakiwa ni wali uliopoa na kukauka. Hautakiwi uwe mzee. Usiku mmoja ni njia moja tu ya kuupoza, na kama tutakavyoona, si njia ya lazima.

Moto mkali nao una kazi yake. Hata wali uliopoa una maji ndani. Moto ukiwa mkali maji yanayotoka yanaruka kuwa mvuke mara moja, na punje zinakaangika. Moto ukiwa hafifu maji yanabaki karaini na wali unachemka upya. Kwa hiyo moto mkali ni kwa ajili ya ladha. Wengi wanadhani pia ni kwa ajili ya usalama, wanasema, "Moto ule utaua kila kitu." Hapo ndipo walipokosea watu wengine kabla yetu.

YALIYOTOKEA UINGEREZA

Mwaka 1971 huko Uingereza, watu waliokula wali wa kukaanga katika hoteli za Kichina walianza kutapika. Haikuchukua siku mbili wala tatu. Ilikuwa saa chache tu baada ya kula. Wali wenyewe ulikuwa umekaangwa kwa moto mkali, na ulitoka jikoni ukiwa wa moto.

Wataalamu wakachunguza jinsi ulivyopikwa. Wapishi walikuwa wanachemsha wali mwingi kwa mpigo, wanauchuja na kuuacha jikoni upoe na kukauka, mara nyingine usiku kucha. Hawakupenda kuuweka kwenye friji kwa sababu ukitoka huko unakuwa mabonge na ni kazi kuutenganisha. Mteja akija, wanachota, wanaugeuza upesi kwenye karai pamoja na yai, tayari.

Yaani walifanya kile kile ambacho mpishi yeyote mwenye haraka angefanya. Kosa halikuwa kwenye karai. Lilikuwa kwenye zile saa ambazo wali ulikaa jikoni bila friji.

MDUDU ASIYEKUFA KWA KUCHEMSHWA

Bakteria anayehusika anaitwa basilasi sereusi. Makazi yake ni udongoni, kwa hiyo yumo mashambani, na anafika kwenye mchele mkavu. Usidhani ni mchele mchafu au wa bei ya chini tu. Hata ule mzuri wa Kyela au pishori ya Mwea unaweza kuwa naye. Kuosha mchele kunapunguza vumbi lakini hakummalizi.

Bakteria huyu ana ujanja. Mazingira yakiwa mabaya kwake, anajifungia ndani ya gamba gumu, kama mbegu inayosubiri mvua. Mbegu hizo huitwa spora. Spora zinavumilia ukavu wa gunia, na nyingine zinavumilia hata sufuria inayochemka. Wewe unaona wali umeiva, kumbe ndani yake spora chache bado ziko hai.

Ukiula wali huo palepale, hakuna tabu. Spora chache hazikudhuru. Lakini wali ukianza kupoa polepole na kufika kwenye uvuguvugu, spora zinaamka, zinakuwa bakteria kamili na kuanza kuzaana. Wanapokuwa wengi wanatengeneza sumu ndani ya wali. Sumu hiyo ndiyo inayotapisha.

Na sasa sikia jambo kubwa kuliko yote. Bakteria wenyewe wanaweza kufa kwenye karai. Sumu waliyokwisha itengeneza haifi, maana si kiumbe. Katika maabara sumu hii imepashwa moto wa nyuzi 121 za sentigredi kwa saa moja na nusu, ikabaki na nguvu yake. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100 tu. Dakika zako nne za kukaanga zitaifanya nini?

HESABU YA USIKU MMOJA

Tuchukue mfano. Wewe na mwenzako wa chumba mmepika wali saa 2 usiku. Mmekula, umebaki nusu sufuria. Mmefunika, mkaacha juu ya meza, mkalala. Kesho saa 6 mchana mnataka kuukaanga. Wali huo umekaa saa 16.

Sufuria lililofunikwa halipoi upesi. Wali ulioshindiliwa pamoja unatunza joto, hasa katikati. Unashuka taratibu kutoka moto hadi uvuguvugu, halafu unabaki kwenye joto la chumba. Kama uko Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, chumba chenyewe usiku wa joto kinakaribia nyuzi 30. Kwa bakteria huyu, hapo ni nyumbani kabisa.

Katika joto kama hilo anaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa kama nusu saa. Basi tufanye hesabu ya nusu saa. Mmoja anakuwa 2, halafu 4, halafu 8. Baada ya saa 5 ni 1,024. Baada ya saa 10 ni zaidi ya milioni moja. Na hao ni watoto wa bakteria mmoja tu. Hesabu ya kweli inabadilika kwa joto na aina ya chakula, lakini unaona mwendo wake ulivyo: saa za mwanzo hakuna kitu, saa za mwisho ni mafuriko.

"Mbona tumekula kiporo cha mezani miaka yote na hatujafa?" Ndiyo, mara nyingi hakuna linalotokea. Pengine spora zilikuwa chache, pengine usiku ulikuwa wa baridi, pengine bakteria waliokuwamo si wale wenye sumu ya kutapisha. Na mara nyingine lilitokea, ukasema ni malaria au ni maji. Tatizo ni kwamba huwezi kuujua usiku wenye bahati kwa kuutazama wali.

PUA HAITOSHI

Watu wengi wana kipimo chao: unanusa. Kama wali umechacha au una utelezi, mwaga. Kipimo hicho ni sawa kwa upande mmoja. Wali uliochacha usile kamwe. Wali wa nazi hasa huwahi kuchacha na harufu yake inakuambia mapema.

Lakini kinyume chake si kweli. Wali usionuka si lazima uwe salama. Sumu hii haina harufu, haina rangi na haina ladha. Wali mweupe uliopikwa kwa maji na chumvi unaweza kuonekana mzuri kabisa huku sumu imo. Ukiongeza kitunguu na sosi ya soya ndiyo kabisa, hata harufu ndogo iliyokuwepo inafichwa.

ANGALIA HOTIPOTI

Hotipoti ni kitu kizuri cha kupelekea wali mezani. Lakini si mahali pa kulaza wali. Ili bakteria wasizaane, chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, yaani moto wa kukuchoma ulimi. Hotipoti haina moto wake. Inachofanya ni kuchelewesha kupoa. Ukifunga wali ndani yake saa 2 usiku, asubuhi utaukuta vuguvugu, na wewe utafurahi kwamba bado una joto. Bakteria naye alikuwa anafurahi usiku mzima.

Jiko la umeme la kupikia wali, lile lenye sehemu ya kutunza joto, ni tofauti kwa sababu linaendelea kupasha. Kama wali umo ndani yake na bado unatoa mvuke, ni salama kwa saa chache. Umeme ukikatika, linakuwa hotipoti tu.

KAMA UNA FRIJI

Kanuni ni moja: upoze wali upesi, uweke kwenye baridi upesi. Usisubiri mpaka mmemaliza kula na kupiga soga.

Wali ukiiva, toa kwanza wa kesho kabla ya kupakua. Utandaze kwenye sinia safi, unene usiozidi vidole viwili, ili mvuke utoke. Weka mahali penye upepo au mbele ya feni, funika kwa chandarua cha chakula au kawa nzi wasitue. Baada ya nusu saa hivi utakuwa umepoa. Ndani ya saa moja tangu uive, uwe kwenye friji. Saa mbili ni mwisho kabisa, na siku ya joto kali usifike huko.

Usiujaze kwenye bakuli moja refu. Utie kwenye vyombo viwili vifupi, ili baridi ifike katikati. Friji inatakiwa iwe na baridi ya nyuzi 5 au chini yake. Ukaange kesho yake, usipitishe siku moja. Friji haiui bakteria, inamchelewesha tu.

Umeme ukikatika usifungue mlango ovyo. Friji iliyofungwa inatunza baridi kwa muda wa kama saa 4. Ikizidi hapo, wali huo mwaga.

KAMA HUNA FRIJI

Hapa ndipo walipo wengi wetu, na jibu ni rahisi kuliko unavyofikiri. Usilaze wali. Kumbuka tulisema kinachotakiwa ni ubaridi na ukavu, sio uzee.

Pika wali siku hiyo hiyo ya kuukaanga. Punguza maji kidogo. Kama kawaida unatia vikombe viwili vya maji kwa kikombe cha mchele, tia kimoja na robo hadi kimoja na nusu, ufunike vizuri na moto uwe mdogo. Ukiiva, utandaze kwenye sinia kama tulivyoeleza, uugeuze mara moja au mbili kwa uma. Upepo utaukausha. Baada ya dakika 30 hadi 45 ukiushika hautoi mvuke tena na punje zinaachana. Ukaange papo hapo.

Wali huu hautakuwa mgumu sawasawa na ule wa friji, lakini utakaangika vizuri. Na kwa kesho, pika kiasi mtakachomaliza. Kikombe kimoja cha mchele mkavu kinatoa karibu vikombe vitatu vya wali, na hivyo vinawatosha watu wawili.

SASA TUKAANGE

Kwa watu wawili chukua vikombe vitatu vya wali uliopoa, mayai mawili, kitunguu kimoja, karoti moja ndogo na nusu ya pilipili hoho. Mafuta vijiko vitatu vya chakula, sosi ya soya kijiko kimoja, chumvi kidogo. Majani ya kitunguu ukipata ni vizuri.

Kata kila kitu kidogo kidogo kwanza, maana ukianza hakuna muda wa kukata. Wali wa friji uvunje mabonge kwa mkono safi uliolowa maji kidogo, kabla haujaingia karaini. Kazi hii ya dakika mbili ndiyo ile ambayo wapishi wa Uingereza waliikwepa.

Pasha karai tupu. Kama unatumia mkaa, subiri uwe mwekundu wote, upepee. Dondosha tone la maji: likiruka na kupotea mara moja, karai liko tayari. Tia kijiko kimoja cha mafuta, mimina mayai uliyoyapiga, koroga kwa nusu dakika mpaka yagande lakini yawe laini bado. Yatoe, weka kwenye sahani safi.

Tia mafuta yaliyobaki, kitunguu, karoti na hoho, geuza kwa dakika moja au mbili. Mwaga wali. Utandaze karaini, uache kama nusu dakika upate moto, ndipo ugeuze kwa mwiko kutoka chini. Rudia hivyo kwa dakika tatu au nne. Usifunike.

Tumia masikio yako. Karai linapaswa kulia "shaaa" muda wote. Likinyamaza, ujue umejaza wali mwingi na moto umezidiwa. Punguza, ukaange kwa mafungu mawili. Sufuria jembamba hasa hupoa upesi likijazwa.

Mwisho mimina sosi ya soya pembeni ya karai, sio katikati, ili iungue kidogo na kutoa harufu. Rudisha mayai, yavunje vipande, endelea kugeuza mpaka yai lote limekauka na wali unatoa mvuke kila mahali. Yai lisiloiva lina hatari zake nyingine, usiliache likiwa majimaji. Tia majani ya kitunguu, ipua.

Kula sasa hivi. Ukibaki, usiuweke tena. Wali huu umekwisha poa mara moja na kupashwa mara moja. Kiporo cha kiporo hakuna.

UKISHAKULA NA TUMBO LIMECHAFUKA

Sumu ya wali inakuja upesi. Kichefuchefu na kutapika huanza kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula. Ipo aina ya pili, ambayo bakteria hutoa sumu nyingine wakiwa tumboni. Hiyo huleta maumivu ya tumbo na kuharisha baada ya saa 6 hadi 15 hivi. Kwa kawaida zote mbili huisha ndani ya siku moja.

Usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya antibiotiki. Havifanyi lolote kwa sumu iliyokwisha ingia. Unachohitaji ni maji. Koroga pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji safi na salama, au kama maelezo ya pakiti yanavyosema, unywe kidogo kidogo. Ukitapika, subiri dakika kumi, uanze tena polepole.

Nenda kituo cha afya bila kuchelewa ikiwa maji hayakai tumboni kabisa, ikiwa unaona damu, mkojo umekuwa haba, una homa kali, macho yamegeuka manjano, au mgonjwa anasinzia na kuchanganyikiwa. Mtoto mdogo na mama mjamzito wasisubiri nyumbani. Mwambie mganga ulikula nini, saa ngapi, na chakula kilikaa wapi.

Ni mara chache sana mtu hufa kwa sumu hii, lakini imetokea. Mwaka 2008 mjini Brussels, Ubelgiji, kijana wa miaka 20 alipasha na kula tambi zilizokaa jikoni siku tano bila friji. Alikufa usiku huo huo. Tambi nazo ni wanga, kama wali.

Kwa hiyo siku nyingine mwenzako akikuambia, "Acha tu mezani, kesho tutaukaanga moto mkali," muulize: saa ngapi mezani? Kama jibu ni usiku mzima, moto mkali umekwisha chelewa.